Mkopo wa Mkurugenzi: Nani Anamdai Nani?

Maneno matatu, "mkopo wa mkurugenzi", yanatumika kila siku katika kampuni ndogo za nchi hii, na kila siku yanaacha swali moja bila jibu. Ni mkurugenzi aliyeikopesha kampuni, au ni kampuni iliyomkopesha mkurugenzi? Kiswahili kinaruhusu maana zote mbili. Tukisema "mkopo wa benki", kila mtu anajua kwamba benki ndiyo iliyotoa. Tukisema "mikopo ya wanafunzi", kama lilivyo jina la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kila mtu anajua kwamba wanafunzi ndio waliopokea. Ile "-a" ya uunganifu haisemi fedha zimetoka wapi na zimekwenda wapi. Kwa benki na kwa mwanafunzi hilo halina madhara, maana tunajua tangu zamani nani ana fedha na nani anazihitaji. Mkurugenzi ni tofauti, kwa sababu yeye hukaa pande zote mbili. Mwezi huu anaingiza fedha zake ili kampuni isikwame, na mwezi ujao anatoa za kampuni ili yeye asikwame.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa aina inayoweza kutokea Kalemela, mkoani Simiyu. Kampuni ndogo inanunua mpunga kwa wakulima, inaukoboa na kuuza mchele. Ilipoanzishwa, mkurugenzi alitoa shilingi 3,000,000 zake mwenyewe za kununulia injini ya mashine, na wakakubaliana kwamba kampuni itamrudishia Desemba 2026. Mhasibu akafungua ukurasa katika leja na kuuita "Mkopo wa Mkurugenzi". Hapo jina hilo lilikuwa sahihi: kampuni inadaiwa 3,000,000.

Tarehe 4 Aprili 2025 mkurugenzi anapata dharura ya matibabu nyumbani. Anatoa shilingi 4,500,000 katika akaunti ya kampuni na kuandika karatasi yenye kichwa kile kile, "Mkopo wa Mkurugenzi". Mhasibu anafungua leja, anakuta ukurasa wenye jina hilo, na anaongeza 4,500,000 chini ya 3,000,000. Sasa leja inasema kampuni haimdai mkurugenzi wake chochote, nayo inadaiwa naye 7,500,000. Ukweli ni kwamba kampuni inadaiwa 3,000,000 na yenyewe inadai 4,500,000. Ukizipambanisha, mkurugenzi ndiye anayebaki na deni la 1,500,000. Kutoka kudai 7,500,000 hadi kudaiwa 1,500,000 ni tofauti ya 9,000,000, yaani 4,500,000 mara mbili.

Kosa hilo lina alama yake. Fedha zilipotoka benki, mhasibu aliandika 4,500,000 upande wa krediti wa akaunti ya benki, na ndivyo ilivyo. Upande wa debiti ulipaswa kubeba kiasi hicho hicho kwa jina la mkurugenzi, lakini nacho kimeandikwa krediti. Mwisho wa mwezi urari haukubali: krediti imezidi debiti kwa 9,000,000. Mhasibu mzoefu akiona tofauti ya namna hiyo huigawa kwa mbili, kisha hutafuta katika vitabu muamala wa kiasi anachopata. Hapa atapata 4,500,000, na ataikuta karatasi ya tarehe 4 Aprili. Dawa yake ni kurasa mbili zenye majina mawili: "Mkopo kutoka kwa mkurugenzi" na "Mkopo kwa mkurugenzi". "Kutoka kwa" na "kwa" zinafanya kazi ambayo "wa" haikuweza kuifanya. Katika mizania, wa kwanza unakaa kwenye madeni ya kampuni, na wa pili unakaa kwenye mali zake, chini ya wadaiwa. Na hapo pia tuwe macho, kwa sababu "wadai" na "wadaiwa" wanatenganishwa na silabi moja tu.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe, maana nayo inaitwa majina mengi. Wengine huiita dokezo, wengine hati, wengine "ka-memo". Dokezo, kwa matumizi ya ofisi zetu, ni andishi la ndani la kumjulisha au kumshauri mwenye kuamua. Halimfungi mtu kulipa chochote. Tunachohitaji hapa ni hati, na hati hiyo inabebwa na vitenzi viwili ambavyo watu huvichanganya: kukiri na kuahidi. Anayeandika "nakiri kwamba nadaiwa na kampuni shilingi 4,500,000" ameandika hati ya deni. Hiyo ni ushahidi kwamba deni lipo, lakini haisemi litalipwa lini. Anayeandika "naahidi kuilipa kampuni shilingi 4,500,000 ifikapo tarehe 31 Agosti 2025" ameandika hati ya ahadi, na sheria ina kipimo chake kwa hati hiyo. Ahadi iwe ya maandishi, iwe na saini, isiwe na sharti, kiasi kijulikane, na wakati wa kulipa ujulikane au uweze kujulikana bila shaka. Inaweza pia kuwa ya kulipwa wakati wowote mdai atakapodai.

Kipimo hicho kinagusa moja kwa moja namna tunavyozungumza vijijini. Ahadi inayokuja mdomoni kwanza mahali panapotegemea mazao ni "nitalipa baada ya mavuno". Kati ya majirani inaeleweka na inaheshimiwa. Lakini mavuno si tukio la hakika, kwa maana mvua inaweza kukataa, na hata yakiwapo, "baada" haina mwisho. Ahadi ya namna hiyo inaweza kubaki kuwa makubaliano yenye nguvu yake, lakini haifikii kuwa hati ya ahadi. "Hali ikiruhusu" ni dhaifu zaidi, maana anayeamua kama hali imeruhusu ni mdaiwa mwenyewe. Kama mkurugenzi anategemea mauzo ya mchele mpya, atumie kalenda ya mauzo kupanga tarehe, kisha aandike tarehe.

Hati inayotosha inaweza kusomeka hivi:

"Mimi, niliyetia saini hapa chini, nakiri kwamba leo tarehe 4 Aprili 2025 nimekopa kwa ajili yangu binafsi shilingi 4,500,000 (milioni nne na laki tano) kutoka akaunti ya kampuni. Fedha hizi si mshahara, si posho, si masurufu wala gawio. Naahidi kuilipa kampuni shilingi 1,500,000 tarehe 30 Juni, shilingi 1,500,000 tarehe 31 Julai na shilingi 1,500,000 tarehe 31 Agosti 2025. Mkopo huu hauna riba. Haupunguzi wala haupunguzwi na fedha nilizoikopesha kampuni, ambazo zitalipwa kwa makubaliano yake."

Sentensi ya pili ndiyo yenye kazi kubwa, kwa sababu kila neno lililokataliwa pale lina njia yake. Mshahara ni malipo ya kazi, na hukatwa kodi ya ajira. Posho pia ni mapato ya ajira, hata kama watu huiona kama takrima. Masurufu ni fedha za kazi ya kampuni: aliyezipokea harudishi fedha zote, bali huzirejesha kwa risiti na salio. Gawio ni sehemu ya faida anayopewa mwanahisa baada ya kampuni kulipa kodi yake, nalo kwa kampuni binafsi ya kawaida hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Mkopo si mapato, na sababu ni moja: fedha zile zitarudi. Siku ambayo zitakoma kurudi, au kampuni itakaposema "basi, tumesamehe", jina la mkopo litakuwa limekwisha, na Mamlaka ya Mapato itakuwa na haki ya kuuliza kama ule ulikuwa mshahara au gawio lililofichwa.

Hata mkopo wa kweli usio na riba una kodi yake. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mfanyakazi akikopeshwa na mwajiri kwa riba ndogo kuliko kiwango cha kisheria, kinachofuata kiwango cha Benki Kuu, ile nafuu huhesabiwa kuwa sehemu ya mapato yake. Kuna msamaha kwa mkopo wa muda usiofika miezi 12, ambao jumla yake haizidi mishahara mitatu ya msingi. Tuseme mkurugenzi wetu analipwa mshahara wa msingi wa 1,500,000 kwa mwezi. Mishahara mitatu ni 4,500,000, naye atamaliza kulipa Agosti. Yuko ndani ya mstari. Angechukua 5,000,000, au angepanga kulipa kwa miaka miwili, nafuu ya riba ingeingia kwenye hesabu ya kodi yake.

Bado kuna suala la saini. Tangu hukumu ya Salomon ya mwaka 1897 huko Uingereza, ambayo msingi wake uko pia katika sheria zetu, kampuni ni mtu wa peke yake, hata kama hisa karibu zote ni za mtu mmoja. Kwa hiyo hati hii ina watu wawili, si mmoja. Mkurugenzi anatia saini kwa nafsi yake kama mkopaji. Kwa niaba ya kampuni anatia saini mkurugenzi mwingine, na kabla ya hapo kuwe na azimio la bodi lililoandikwa katika muhtasari wa kikao, ambapo mkopaji ametamka maslahi yake. Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, nayo ina masharti kuhusu kampuni kuwakopesha wakurugenzi, na ni vizuri mwanasheria ayasome kabla fedha hazijatoka. "Kabla" ni neno la msingi. Karatasi iliyoandikwa Desemba na kupewa tarehe ya Aprili ni ya kughushi, na taarifa ya benki, vocha ya malipo na muhtasari vikiwekwa pamoja huonyesha hivyo.

Mwisho ni marejesho. Tarehe 30 Juni fedha zipite benki, zikiwa na maelezo "marejesho ya mkopo kwa mkurugenzi, fungu la 1", na leja ishuke hadi 3,000,000. Fungu likichelewa, andikeni barua ya kuahirisha yenye tarehe mpya na saini. Madai ya mkataba huisha nguvu baada ya miaka 6 kwa sheria ya ukomo, lakini kila mdaiwa anapokiri deni kwa maandishi kabla ya hapo, hesabu ya muda huanza upya.

Kwa wenye kampuni, makatibu na wahasibu, ombi langu ni dogo. Acheni "mkopo wa mkurugenzi". Andikeni "mkopo kwa mkurugenzi" au "mkopo kutoka kwa mkurugenzi", wekeni tarehe ya kulipa, na mlipe siku hiyo. Mkopo usiolipwa si mkopo, hata karatasi yake ikiwa na mihuri mingi kiasi gani.