Sindano au kijiti? Jibu limo katika maelezo ya mgonjwa

Mpwa wangu anasomea uuguzi, na jioni hizi huja kwangu kudurusu somo la mpango wa uzazi. Nina diploma ya fani hiyohiyo, kwa hivyo mimi ndiye mtahini wa nyumbani. Nilimpa swali hili: mama wa miaka 26 ananyonyesha mtoto wa miezi minne. Anataka kupumzika mwaka mmoja na nusu, kisha ashike mimba upesi. Achague sindano ya miezi mitatu au kijiti cha mkononi?

Alijibu, "Chochote, ami. Zote ni homoni." Hapo ndipo alama hupotea.

Ni kweli, zote mbili zina projestini, na mtoto akishapita wiki sita mama anayenyonyesha anaweza kutumia yoyote. Sindano huzuia yai lisipevuke na hufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, mbegu zisipite. Kijiti hufanya vivyo hivyo, ila hutoa dawa kidogo kidogo kwa miaka.

Tofauti huanzia kwenye kalenda. Kwa mwaka, wanawake kama wanne kati ya mia wanaotumia sindano hushika mimba, hasa kwa sababu tarehe ya kurudi kliniki imewapita. Wa kijiti hawafiki hata mmoja kati ya mia, maana hakuna cha kukumbuka.

Kisha kuna kurudi kwa uzazi. Kijiti kikitolewa, mama anaweza kushika mimba mara moja. Sindano haitolewi mwilini. Baada ya ile ya mwisho huenda akangoja miezi kadhaa, hata mwaka, ingawa haimfanyi tasa. Kwa mama wetu mwenye haraka, jibu ni kijiti.

Kuhusu ushauri, wanafunzi huandika "damu hubadilika" wakasonga mbele. Huku kwetu hayo hayatoshi. Mama wa kijiti anaweza kuona matone siku yoyote, na atajiuliza kuhusu swala, funga na mumewe. Mwambie mapema kwamba si ugonjwa, na hukumu ya hedhi na istihadha amuulize mwanachuoni. Kwa sindano, baada ya mwaka wengi hawaoni hedhi kabisa. Mweleze kwamba damu haijirundiki tumboni, bali ukuta wa kizazi umekuwa mwembamba. Asipoambiwa, atakwenda kukitoa kijiti mwezi wa pili. Damu ikizidi siku nane au ikawa maradufu ya kawaida yake, arudi kliniki.

Mtahini akiongeza kwamba mama anatumia kabamazepini ya kifafa au rifampisini ya kifua kikuu, jibu linageuka. Dawa hizo hupunguza nguvu za kijiti, lakini sindano haziidhuru. Hapo utampa sindano, na umwambie wazi kuhusu kule kungoja.