Anga Jeusi Lililoongezwa: Jinsi Panorama za Mwezini Zilivyoshonwa

Ukiona picha pana ya Mwezini kutoka safari za Apollo, usidhani kamera iliona upana wote ule kwa mkupuo mmoja. Mwanaanga alikuwa na Hasselblad iliyofungwa kifuani, na lenzi yake ya milimita 60 iliona nyuzi kama 48 tu kwa fremu. Basi alipiga, akageuka kidogo, akapiga tena, mpaka duara likaisha. Hebu piga hesabu: ukigeuka nyuzi 30 kila mara, unahitaji fremu 12, na kila moja inapandana na jirani yake kwa nyuzi 18 hivi. Hiyo sehemu inayojirudia ndiyo gundi. Mshonaji hutafuta jiwe lilelile katika fremu mbili, kisha huzisogeza mpaka likutane.

Lakini mtu akigeuka, kamera ya kifuani nayo inahama mahali. Mlima wa mbali haubadiliki, ila jiwe lililo karibu na miguu linaonekana limesogea. Kwa hiyo ukitaka kukagua mshono, anza chini: tafuta unyayo au kivuli kilichokatika ghafla.

Halafu kuna kingo. Mwanaanga alilenga kwa mwili bila kuchungulia kwenye kamera, kwa hiyo fremu moja ilipanda na nyingine ikainama. Zikishonwa, ukingo wa juu unakuwa kama ngazi. Ukiukata unyooke, unaweza kupoteza vilele vya milima. Ukitaka kuvibakiza, itabidi ujaze mapengo, na Mwezini hilo ni rahisi mno: hakuna hewa ya kutawanya mwanga, anga ni jeusi hata mchana. Unapaka nyeusi tu.

Hata picha ya fremu moja ilitendewa hivyo. Armstrong alipompiga Aldrin picha Julai 1969, fremu iliishia juu kidogo tu ya kofia yake. Katika nakala iliyosambaa duniani, anga liliongezwa juu. Utajuaje? Kamera ilikuwa na kioo chenye misalaba midogo 25, na ule wa kati ulikuwa mkubwa kuliko mingine. Ukiukuta chini ya katikati ya picha, ujue kuna kitu kimeongezwa juu au kimekatwa chini. Misalaba mingine haikusaidii hapo, maana nayo ni myeusi; juu ya anga jeusi haionekani.

Duniani mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa ukingoni kuna mawingu, majani na mapaa. Mwaka 2010 Photoshop ilileta Content-Aware Fill, inayojaza pengo kwa kunakili vipande vinavyofanana kutoka kwingineko kwenye picha. Ukikuta wingu lilelile mara mbili, umeiona kazi yake.

Kumbuka tofauti hii: kwenye mshono, kila nukta ilipigwa na kamera, hata kama imekaa vibaya. Kwenye ukingo uliojazwa, hakuna aliyeiona. Ukitaka kupima kitu, omba nakala yenye ngazi.