Chati ya upepeo

Chati ya upepeo ni mchoro wa utabiri wenye mikanda ya rangi inayoanza ikiwa imebanana kwenye tarehe ya leo, kisha hutanuka kadiri wakati unavyosonga mbele. Jina limetokana na upepeo wa kukunja, ule unaofunguka kutoka shina moja. Si kipepeo cha ukindu cha kuchochea seredani, ambacho ni bapa tangu mwanzo. Kushoto kwa shina huchorwa mstari wa yaliyokwisha kutokea. Kulia hakuna mstari mmoja wa kuaminiwa, bali eneo zima ambamo thamani ya baadaye huenda ikaangukia.

Mchoro huu ulipata umaarufu kupitia Benki Kuu ya Uingereza, iliyouchapisha kwa mara ya kwanza katika ripoti yake ya mfumuko wa bei ya Februari 1996. Mikanda ilikuwa myekundu. Ule wa katikati, uliokolea zaidi, ulibeba asilimia 10 ya uwezekano, na kila jozi ya mikanda iliyofuata, mmoja juu na mmoja chini, iliongeza asilimia 10 nyingine hadi upepeo wote ukafika asilimia 90. Zile 10 zilizobaki hazikupakwa rangi, na hapo ndipo wasomaji wengi hupotea: eneo jeupe nje ya upepeo huonekana kama mahali pasipofikika, ilhali mchoraji amesema waziwazi kwamba mara 1 katika 10 ukweli utakuwa huko.

Usomaji sahihi hufanywa kwa kukata upepeo wima. Chagua tarehe moja, tuseme robo mwaka ya nne kuanzia sasa, shuka na mstari wima, kisha tazama mkanda unaanzia wapi na kuishia wapi. Unachosoma ni madai kuhusu tarehe hiyo peke yake. Upepeo hausemi kwamba njia nzima ya mfumuko wa bei itabaki ndani ya mikanda. Kama kila robo ina uwezekano wa asilimia 90 wa kuwa ndani, na kama makosa ya robo 8 yasingehusiana, uwezekano wa zote 8 kubaki ndani ungekuwa asilimia 43 tu. Kwa kawaida makosa ya robo zinazofuatana huvutana upande mmoja, kwa hiyo jibu halisi huwa kati ya 43 na 90. Vilevile, ulaini wa kingo za mikanda usimhadae mtu akadhani bei zitakwenda kwa ulaini huo. Njia halisi hupanda na kushuka kwa mikatokato.

Kwa nini upepeo hutanuka? Chukua mfano wa kubuni. Mfumuko wa bei leo ni asilimia 3, na kila robo mwaka hupigwa na msukosuko mpya ambao mkengeuko sanifu wake ni 0.5. Tuchukulie kwanza kwamba kila msukosuko ukishaingia hautoki. Misukosuko isiyohusiana haijumlishwi moja kwa moja, kwa sababu mingine hufutana. Kinachojumlishwa ni mraba wa kila mmoja, kisha hutafutwa kipeuo cha pili. Baada ya robo 1 mkengeuko ni 0.5, baada ya robo 4 ni 1.0, na baada ya robo 9 ni 1.5. Ili kupata mkanda wa asilimia 90, zidisha kwa 1.645. Mkanda utaanzia 2.2 hadi 3.8 kwa robo ya kwanza, 1.4 hadi 4.6 kwa ya nne, na 0.5 hadi 5.5 kwa ya tisa. Muda umeongezeka mara 9, upana mara 3 tu.

Sasa badilisha sharti moja. Kila robo, asilimia 80 tu ya msukosuko uliopita husalia, na kiasi kingine hufifia, kama inavyotarajiwa pale ambapo benki kuu hubadilisha riba ili kurudisha mfumuko kwenye lengo. Katika robo ya nne upana si 1.6 tena kila upande, ni kama 1.25; na hata ukingoja miaka 20, hauzidi 1.4. Upepeo hutanuka haraka mwanzoni, halafu kingo zake hukaribia kuwa sambamba. Basi umbo la kingo lina habari ndani yake. Upepeo usioacha kutanuka unadai kwamba hakuna kinachorudisha mambo mahali pake. Unaonyooka unadai kwamba kipo.

Upepeo unaweza pia kuegemea upande mmoja. Benki ya Uingereza ilitumia nusu mbili za mgawanyo wa kawaida zilizounganishwa kwenye kilele, kila nusu na upana wake. Kama upana wa juu ni mara mbili ya ule wa chini, uwezekano wa kuishia juu ya kilele ni theluthi mbili, ingawa kilele chenyewe ndiyo thamani moja yenye uwezekano mkubwa kuliko nyingine yoyote. Anayesoma mkanda wa kati peke yake ataikosa habari hiyo kabisa.

Kasoro kubwa iko kwenye chanzo cha upana. Upana wa kuanzia ulitokana na makosa ya utabiri ya miaka takriban 10 iliyopita, kisha wanakamati wa sera ya fedha wa Benki wakaurekebisha kwa maoni yao. Miaka 10 tulivu huzaa upepeo mwembamba, na wembamba huo huonekana kama ujuzi. Novemba 2021 Benki ilitarajia mfumuko wa bei ufike kilele cha kama asilimia 5 mwezi Aprili 2022. Februari 2022 kilele hicho kilisogezwa hadi karibu 7.25. Mwezi huohuo Urusi iliivamia Ukraine, bei za nishati zikaruka, na Aprili ikaleta asilimia 9.0; Oktoba ilifika 11.1. Tazama kwamba kati ya ripoti mbili za mwanzo upepeo mzima ulihama mahali pake, kabla ya vita. Mikanda huonyesha shaka kuzunguka dhana zilizowekwa, kama vile njia ya riba na bei za nishati; dhana zenyewe zikivunjika, mikanda haina la kusema.

Upepeo hauhukumiwi kwa utabiri mmoja. Kusanya tabiri za zamani za umbali uleule, tuseme za mwaka 1 mbele, uhesabu ni ngapi ziliangukia nje ya mkanda wa asilimia 90. Katika 20 zisizohusiana tunatarajia 2. Zikiwa 6, upepeo ni mwembamba mno, maana idadi hiyo au zaidi hutokea kwa bahati tu chini ya mara 2 katika 100. Lakini hata moja isipotoka nje, huwezi kudai kwamba ni mpana mno, kwa kuwa bahati peke yake huleta matokeo hayo karibu mara 12 katika 100. Tena tabiri za mwaka 1 zinazotolewa kila robo hugusana, kwa hiyo 20 za namna hiyo zina ushahidi wa chache zaidi.

Aprili 2024 Ben Bernanke, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani, alikamilisha tathmini ya utabiri wa Benki ya Uingereza iliyomwomba kazi hiyo. Alipendekeza chati hizi ziachwe, na badala yake zichapishwe hali mbadala: bei ya nishati ikienda hivi, mfumuko utakuwa hivi.