Bakteria Mmoja Ndani ya Tone

Mwaka 1949, kwenye vyumba vya darini katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, André Lwoff alimkamata bakteria mmoja kwa mrija mwembamba wa kioo na kumweka peke yake ndani ya tone dogo la lishe. Bakteria huyo, Bacillus megaterium, alikuwa wa ukoo wenye sifa mbaya: ulisemekana kubeba virusi vinavyoua bakteria, vile viitwavyo faji, na kuvirithisha kizazi hadi kizazi bila kuugua.

Wengi hawakuamini. Max Delbrück huko Marekani alizijua faji zinazoingia, kuzaliana na kupasua seli papo hapo. Habari za virusi vinavyotulia ndani ya mwenyeji aliziona ni uchafu wa maabara tu. Eugène na Élisabeth Wollman, mume na mke waliolichunguza jambo hilo katika taasisi hiyohiyo, walikamatwa mwaka 1943 kwa kuwa Wayahudi, wakapelekwa Auschwitz na hawakurudi.

Lwoff alitazama kwa darubini. Kila bakteria alipogawanyika, alimhamishia mmoja katika tone jipya na kulipima tone lililobaki. Vizazi 19 vilipita, na hakuna tone lililokuwa na faji. Lakini mara mojamoja bakteria alitoweka mbele ya macho yake, na tone lake likakutwa limejaa faji. Basi faji hazikuwa zikivuja kidogo kidogo kutoka kwa seli hai. Bakteria wa ukoo huo walipovunjwa kwa kimeng'enya, ndani hamkukutwa faji hata moja. Walichorithishana hakikuwa virusi kamili bali uwezo wa kuvitengeneza, na Lwoff akauita profaji.

Swali likabaki: ni nini kinachouamsha? Yeye na wenzake walijaribu mengi bila mafanikio, hadi mwaka 1950 walipowamulika bakteria kwa mionzi ya urujuanimno. Bakteria waliendelea kukua kana kwamba hakuna kilichotokea, kisha katika muda wa kama saa moja karibu wote wakapasuka.

Maelezo ya ndani yalipatikana hasa kwa faji nyingine, lambda, ambayo Esther Lederberg aliigundua Marekani, ikiwa imejificha ndani ya bakteria E. coli aliyekuwa ametumiwa maabara kwa miaka mingi bila mtu kushuku lolote.

Lambda ina njia mbili, kupasua au kutulia, na mwanzoni zote ni moja. Lambda hunata kwenye lango ambalo bakteria hupitishia sukari ya maltosi, humwaga DNA yake ndani, na ganda hubaki nje. Uzi huo wa DNA una ncha zinazonasana, hivyo hujifunga kuwa duara. Hapo ndipo njia zinapoachana.

Katika njia ya kupasua, yaani mzunguko wa litiki, duara hunakiliwa tena na tena. Jeni za vichwa na mikia huanza kazi, DNA hukatwa na kusokotwa ndani ya vichwa, mikia huungwa. Mwishowe protini moja hutoboa utando wa seli, na kimeng'enya hupita hapo na kuumeng'enya ukuta. Chini ya saa moja tangu kuingia, faji mpya kama mia hivi humwagika nje.

Katika mzunguko wa lisojeni, protini moja ya faji, kizuizi, huzima karibu jeni zote za kupasua. Kimeng'enya kingine huikata kromosomu ya bakteria mahali maalumu, kati ya jeni za sukari ya galaktosi na zile za biotini, na kuipachika lambda hapo. Tangu hapo, bakteria akinakili DNA yake hunakili na ya mgeni. Kizuizi hichohicho huzima pia lambda nyingine itakayoingia baadaye, ndiyo maana mwenyeji haugui.

Tofauti huonekana kwa macho. Kwenye sahani iliyotandwa bakteria, faji ipasuayo tu huacha doa angavu. Doa la lambda ni la ukungu, maana katikati yake humea bakteria walioipokea wakasalimika. Seli yenye njaa, au iliyovamiwa na faji nyingi kwa pamoja, huelekea zaidi kwenye utulivu.

Na ile mionzi ya Lwoff? Huharibu DNA ya bakteria. Protini yake ya dharura, RecA, hushika vipande vya uzi vilivyoachwa wazi, kisha huchochea kizuizi kijikate chenyewe. Jeni zilizozimwa huwaka, profaji huchomolewa kwenye kromosomu, na njia ya kupasua huanza. Mara chache uchomoaji hukosea mpaka: lambda huacha kipande chake nyuma na kuondoka na jeni za galaktosi, ikizipeleka kwa bakteria mwingine ambaye hakuwa nazo.