Mdahalo wa salongo (somo la uraia)

Somo la dakika 50 linalofaa shule za Keshero, mtaa wa Goma. Hoja: salongo iwe ya lazima? Upande mmoja hutaja Ibara ya 16 ya Katiba ya 2006, inayokataza kazi ya kulazimishwa. Upande wa pili huuliza nani atazibua mitaro. Katikati ya somo pande hubadilishana, na hapo ndipo fikra hupimwa: aliyekariri hukwama.

Kila mwanafunzi hupewa vijiwe 3 vya lava, naye huweka kimoja mezani kila anaposema. Vikiisha, hunyamaza. Mwalimu hutoa alama 1 kwa hoja yenye sababu, 2 kwa anayerudia kwanza hoja ya mpinzani kwa haki, kisha kuijibu. Kelele hazina alama. Mwoga huruhusiwa kuandika jibu lake.