Baiskeli Bila Breki: Mbona Wasee wa Keirin Hawaanguki Kila Siku?

Cheki hii: wasee sita wanakimbizana kwa treki ya mbao, wengine wanagonga zaidi ya 70 km/h, na hakuna hata mmoja ako na breki. Si ushamba. Breki ndio ingewaua.

Baiskeli yao ni fiksi. Iko na gia moja tu, na meno ya nyuma yamefungwa kwa gurudumu moja kwa moja. Baiskeli ya mtaa ukiacha kupiga pedeli, inateleza yenyewe. Fiksi hapana. Gurudumu ikizunguka, pedeli pia zinazunguka na miguu yako inabebwa tu. Ukitaka kupunguza mwendo, unabishana na pedeli polepole kwa miguu, ama unapanda juu ya kona. Kona za treki ya mita 250 huinama kama nyuzi 42, so ukipanda unapoteza spidi, ukishuka inarudi.

Sasa, hawa wasee hukaa sentimita chache nyuma ya tairi ya mwenye ako mbele ndio awakatie upepo. Mmoja akishika breki ghafla, mbogi yote inalala chini. Na fiksi, hakuna mtu anaweza simama ghafla, so kila mtu anajua mwenye ako mbele atapunguza pole pole.

Mbio zenyewe ziko tofauti. Sprinti ni wasee wawili, raundi tatu, na mwanzo wanaweza enda kama wanatembea, kila mtu akivizia mwingine. Pasuti inaanzisha timu mbili pande mbili za treki kwa kilomita 4, saa ndio inaamua, ama timu moja ishike ingine. Keirin ilianza Japani 1948 kama mchezo wa kubeti. Kanduthi kanaongoza raundi tatu, kakitoa spidi 30 hadi 50 km/h, kisha kanatoka na kubaki raundi tatu za kufa kupona.

Hapo ndio gia moja inauma. Huwezi badilisha gia uruke ghafla. Spidi lazima uijenge pole pole. Fainali ya wanaume ya Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, Jason Kenny wa Uingereza alikuwa wa kwanza nyuma ya kanduthi. Matthew Glaetzer wa Australia, mwenye alikuwa nyuma yake, aliacha nafasi kidogo. Kanduthi kalipotoka, Kenny aliachilia miguu yote. Wengine wakaangaliana, kila mtu akingoja mwingine amkimbize na apasue upepo. Walipoamka, jamaa alikuwa ashajenga spidi yake na nafasi ilikuwa kubwa sana. Dhahabu ya saba hiyo. Azizulhasni Awang wa Malaysia akachukua fedha.

Lakini usijaribu bila breki kwa barabara. Treki haina matatu yenye inakukatia mbele, na miguu pekee haitakusimamisha kwa wakati. Hata Uingereza kwenyewe, fiksi ya barabarani lazima iwe na breki ya mbele.