Namna ya kuzuia kompyuta isibadilishe sura ya mtu katika picha

Familia inapotaka picha kubwa ya mzee wao, ya kutundikwa ukutani au kuwekwa kando ya jeneza, mara nyingi hupeleka picha ya simu kwenye programu inayojisafishia picha yenyewe. Picha hurudi ikiwa inang'aa, lakini makunyanzi yametoweka, mwanya umezibwa na kovu la kipaji halipo. Aliyemo pichani si yule waliyemjua.

Chanzo chake kinaeleweka. Programu za kurekebisha nyuso kama vile GFPGAN na CodeFormer ziliundwa kwa ajili ya picha zilizofifia. Hukata sehemu ya uso, huipunguza hadi mraba wa pikseli 512 kwa 512, huuchora uso upya kwa kufuata nyuso nyingi zilizofundishwa, kisha huupanua na kuubandika mahali pake. Kwa picha mbovu, jambo hilo husaidia. Kwa picha nzuri ni hasara, kwa kuwa alama halisi za ngozi hutupwa na nafasi yake kujazwa kwa makisio.

Tuchukue mfano wa picha ya nyanya mwenye umri wa miaka 80, yenye pikseli 3,000 kwa 4,000, ambayo uso wake una upana wa pikseli 1,400. Familia inataka kuondoa kamba ya nguo iliyo nyuma yake, kisha ichapishe picha kwa karatasi ya A3. Karatasi hiyo ina urefu wa sentimita 42, kwa hivyo kila inchi itapata takriban pikseli 240. Kiasi hicho kinatosha. Picha haihitaji kukuzwa, na hatari ya kwanza imeepukwa.

Hatua inayofuata ni kupata faili asilia. Picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa na kusongwa, na uso uliofifia ndio unaoialika programu kuuchora upya. Ni heri kuitoa picha kwenye simu kwa waya, au kuituma kama Document. Nakala moja iwekwe kando bila kuguswa. Nakala ya kazi ihifadhiwe kama PNG au TIFF, kwani JPEG hupoteza kitu kila inapohifadhiwa upya.

Kabla ya kuipa programu picha hiyo, zima kila chaguo linalohusu uso, ngozi au urembo, pamoja na lile la kuondoa chembechembe. Agiza kamba peke yake iondolewe. Picha ikirudi, hesabu pikseli zake. Ikiwa si 3,000 kwa 4,000 tena, imepunguzwa au kukuzwa, na haitalingana na ile asilia.

Sasa thibitisha. Katika GIMP, programu isiyolipiwa, fungua picha iliyorudi, kisha tumia File > Open as Layers kuweka picha asilia juu yake. Badilisha hali ya tabaka la juu iwe Difference. Mahali ambapo picha hizo mbili zinafanana patakuwa peusi. Kamba itaonekana, kama inavyotarajiwa. Ukiona mistari kuzunguka macho, pua na midomo, umbo la uso limebadilishwa au limesogezwa. Ukiona madoadoa mepesi yaliyotapakaa mashavuni, ngozi imelainishwa.

Uso ukiwa umeguswa, rudisha ule wa asili. Rejesha hali ya Normal, zungushia uso na nywele kwa Free Select, kisha lainisha ukingo kwa Select > Feather, pikseli 25 hivi. Halafu chagua Layer > Mask, uongeze kinyago kinachofuata Selection. Sehemu nyingine ya tabaka la juu itafichwa, na uso halisi utakaa juu ya mandhari yaliyosafishwa. Mpaka upite kwenye nywele na chini ya kidevu, usikate shavuni ambako jicho hung'amua haraka. Kuongeza mwanga kufanywe baada ya kuunganisha; la sivyo uso na shingo vitatofautiana rangi.

Mbinu hii ina mipaka yake. Kamera ya simu iliyolainisha ngozi wakati wa kupiga picha imekwisha kuzifuta alama hizo, na kuongeza ukali hakuzirejeshi. Vivyo hivyo, uso wenye upana wa pikseli 80 uliokatwa kwenye picha ya harusi hauna vinyweleo vya kuhifadhiwa. Chochote kitakachoongezwa ni ubunifu wa programu. Picha kama hiyo ichapishwe ndogo, kwa ukubwa wa pasipoti, nayo itabaki kuwa yake.